Gemu Moja, Akaunti Mbili: Programu Pacha na Hatari Zake

Simu ya Android haiitambui gemu kwa picha yake ya kwenye kioo wala kwa jina linaloonekana chini ya picha hiyo. Huitambua kwa jina la ndani, lililoandikwa kwenye faili la programu yenyewe, ambalo haliwezi kubebwa na programu mbili tofauti kwa mtumiaji mmoja wa simu. Free Fire, gemu ya mapigano iliyotoka mwaka 2017 chini ya kampuni ya Garena ya Singapore, jina lake la ndani ni `com.dts.freefireth`. Mtu akijaribu kuisakinisha mara ya pili, simu haiweki gemu ya pili. Huchukulia kwamba ameleta toleo jingine la ileile, ikaliweka juu ya lile la kwanza, na akaunti ikabaki moja.

Hapo ndipo lilipozaliwa hitaji la programu pacha. Wengi wanaolitafuta hawana nia mbaya. Katika nyumba nyingi simu ni moja na wachezaji ni wawili, kila mmoja anataka kiwango chake, silaha zake na marafiki zake, na kutoka kwenye akaunti moja kuingia nyingine kila baada ya mechi kunachosha. Wengine wana akaunti kubwa wasiyotaka kuichafua kwa kushindwashindwa, hivyo hufungua ndogo ya mazoezi. Wapo pia wanaotaka akaunti ya pili ili ya kwanza ipate zawadi, au ili wauze, na hao huwa wameshavuka masharti ya gemu kabla hata hawajagusa programu yoyote ya kunakili.

Njia za kupata pacha ni tatu, na hazifanani hata kidogo. Mchezaji anayezichukulia kuwa ni kitu kimoja, kwa sababu zote humpa picha mbili za gemu kwenye kioo, ndiye anayeishia kupoteza.

Njia ya kwanza iko ndani ya simu yenyewe, imewekwa na mtengenezaji. Kwenye Xiaomi huitwa Dual apps, kwenye Huawei ni App Twin, kwenye Samsung ni Dual Messenger, na kampuni nyingine zina majina yao. Siri yake ni kwamba Android iliundwa kuweza kubeba watumiaji zaidi ya mmoja. Mwenye simu ni mtumiaji namba 0. Anapowasha pacha kwenye Xiaomi, simu humuunda kimyakimya mtumiaji wa pili, namba 999, kisha humwekea gemu ileile, yenye jina lilelile la ndani. Mwenye kompyuta na kebo anaweza kumwona mtumiaji huyo kwa amri hii:

```
adb shell pm list users
```

Na data za gemu hukaa katika makabati mawili yaliyotenganishwa:

```
/data/user/0/com.dts.freefireth
/data/user/999/com.dts.freefireth
```

Kila kabati lina mwenyewe. Android humpa kila programu namba ya utambulisho, na kwa mtumiaji wa pili namba hiyo hutanguliwa na namba ya mtumiaji. Gemu yenye namba 10234 kwa mwenye simu itakuwa 99910234 kwa pacha. Mfumo wa simu haumruhusu huyu wa 99910234 kufungua kabati la yule mwingine. Faili la gemu halijaguswa, saini yake ni ileile iliyotoka kwa watengenezaji, na hakuna mtu wa tatu aliyeingia katikati. Kwa hiyo, kwa upande wa usalama, hii ndiyo njia yenye madhara machache zaidi.

Kasoro yake ni kwamba mara nyingi haikubali magemu. Dual Messenger ya Samsung, kama jina lake linavyosema, ni ya programu za kutumiana ujumbe. Watengenezaji wengi nao huonyesha orodha fupi ya programu wanazozikubali, na mchezaji hufungua orodha hiyo, akaiona WhatsApp, akaiona Facebook, lakini gemu yake haimo. Hapo ndipo anapoingia dukani kutafuta njia ya pili.

Njia ya pili ni programu inayojifanya simu ndani ya simu. Parallel Space na Dual Space ni miongoni mwa zinazojulikana. Zinaweza kuitwa programu mwenyeji, kwa sababu gemu inayofunguliwa humo huwa mgeni: haijasakinishwa kwenye simu kwa maana kamili, bali mwenyeji huliita faili lake, hulipandisha kwenye kumbukumbu na kuliendesha chini ya jina na namba yake mwenyewe. Kila gemu inapouliza kitu kwa mfumo wa simu, mwenyeji hudaka swali, huligeuza, kisha hurudisha jibu linalomridhisha mgeni.

Dalili ya jambo hili huonekana kwa macho. Gemu ikitaka kutumia maikrofoni kwa mara ya kwanza, simu huleta kisanduku cha kuomba ruhusa. Katika pacha ya mtengenezaji, jina linaloandikwa kwenye kisanduku hicho ni la gemu. Katika njia ya pili, linaloandikwa ni jina la mwenyeji. Anayebonyeza kukubali hakuipa gemu ruhusa, amempa mwenyeji, pamoja na kila mgeni mwingine aliyemo ndani.

Kuna jingine linalotokana na muundo huo. Android hudai kila programu itaje mapema ruhusa zote inazoweza kuja kuziomba. Mwenyeji hajui ni mgeni gani ataletwa kesho, kwa hiyo hutaja karibu zote: kamera, maikrofoni, mahali simu ilipo, orodha ya majina, na katika baadhi ya programu hizi hata kusoma ujumbe mfupi. Orodha ndefu ya namna hiyo peke yake si ushahidi wa wizi, kwa maana ndivyo kazi hii inavyofanyika. Lakini inamaanisha kwamba mwenyeji mwaminifu na mwenyeji mwizi hufanana kwa nje, na mtumiaji wa kawaida hana namna ya kuwatofautisha.

Njia ya tatu ni kulifungua faili la gemu, kubadilisha jina la ndani, na kulifunga upya. Ipo programu iitwayo App Cloner inayofanya kazi hiyo, na yapo mafaili ya APK yaliyokwisha kubadilishwa yanayozunguka kwenye makundi ya Telegram na WhatsApp. Simu huyakubali kwa kuwa jina la ndani ni jipya. Tatizo liko kwenye saini. Kila programu ya Android hutiwa saini ya kidijiti na aliyeitengeneza, na ukibadilisha herufi moja tu ndani yake, saini ile huharibika. Aliyebadilisha hulazimika kutia saini yake mwenyewe. Kuanzia hapo, gemu hiyo haitoki tena kwa Garena wala kwa kampuni nyingine yoyote inayotajwa kwenye kioo. Inatoka kwa mtu aliyeifunga mara ya mwisho.

Kosa hilo hugundulika haraka. Kwanza, kuingia kwa akaunti ya Google hukwama, kwa sababu Google huunganisha huduma hiyo na jina la ndani pamoja na alama ya saini, na vyote viwili vimebadilika. Pili, ipo huduma ya Google iitwayo Play Integrity, ambayo seva ya gemu inaweza kuitumia kuuliza kama programu iliyoko mkononi mwa mchezaji ndiyo iliyotoka Google Play. Ikiwa jina au saini havilingani na kumbukumbu za duka, jibu linalorudi ni `UNRECOGNIZED_VERSION`, na kampuni ya gemu huamua yenyewe la kufanya. Magemu madogo yasiyotumia seva huendelea kama kawaida. Gemu kubwa ya mtandaoni ina kila sababu ya kuufunga mlango.

Kwa hiyo swali la hatari hubaki hasa kwenye njia ya pili, kwa sababu ndiyo inayopatikana kirahisi, hufanya kazi, na huonekana haina neno. Mfano utasaidia kuona mambo yanavyokwenda.

Tuseme wapo ndugu wawili Mwanza wanaotumia simu moja yenye RAM ya gigabaiti 4. Kaka mtu ana akaunti ya Free Fire ya muda mrefu, ameiunganisha na Google yake na amenunua almasi mara kadhaa. Mdogo wake anataka ya kwake. Orodha ya pacha ya simu haina Free Fire, hivyo wanapakua programu mwenyeji. Inawaambia waongeze programu nyingine ya msaada, kwa kuwa gemu ni ya biti 64 na mwenyeji wao ni wa biti 32. Wanaongeza. Wanaiingiza gemu, inafunguka, na mdogo mtu anaanza kucheza kama mgeni, bila kuunganisha akaunti na kitu chochote, kwa sababu hana barua pepe.

Usumbufu wa kwanza ni kumbukumbu. RAM ya gigabaiti 4 haitoshi kushikilia magemu mawili ya namna hii pamoja na mfumo wa simu, na mwenyeji naye anakula sehemu yake. Kaka anapofungua gemu yake huku ya mdogo ikiwa nyuma katikati ya mechi, Android huifunga ya nyuma ili kupata nafasi. Mdogo akirudi hakuti mechi, anakuta gemu inapakia upya kutoka mwanzo. Kwa seva, huyo ni mchezaji aliyewatoroka wenzake, na kutoroka mechi mara kwa mara hupunguza alama za heshima za akaunti.

Usumbufu wa pili ni mkubwa zaidi. Baada ya wiki kadhaa hifadhi ya simu inajaa. Kaka anaingia kwenye mipangilio, anaona mwenyeji amekalia nafasi kubwa, anabonyeza kitufe cha kufuta data. Kwa programu ya kawaida, kitufe hicho hufuta mambo ya programu hiyo moja. Kwa mwenyeji, hufuta kila kitu kilichokuwa ndani ya wageni wake wote, kwa maana kabati lilikuwa moja. Akaunti ya mdogo mtu ilikuwa ya mgeni: kwenye seva ipo, ila ufunguo wake ulikuwa ndani ya kabati lililofutwa, na hakuna barua pepe wala nenosiri la kumthibitisha mwenyewe. “Kaka, gemu inaniambia nianze upya,” ndivyo habari inavyomfikia mkubwa. Na ndivyo ilivyo, anaanza upya kweli.

Usumbufu wa tatu humfika kaka mwenyewe. Mdogo mtu, kwa hasira ya kuanza sifuri, anapata kwa rafiki faili la kudanganyia, la kumwezesha kulenga bila kukosa. Anaambiwa aliweke ndani ya mwenyeji, kwa sababu humo halihitaji simu iliyofunguliwa mizizi. Ni kweli. Zana za kuchezea kumbukumbu za magemu, kama GameGuardian, huweza kufanya kazi kwenye simu ya kawaida zikiingizwa katika chumba kimoja na gemu, kwa sababu wote wawili wanatumia namba moja ya utambulisho na ule ukuta wa Android haupo tena kati yao. Uwazi huo ndio unaowafanya walinzi wa magemu wamtazame mwenyeji kwa shaka hata pale ambapo mchezaji hana hila yoyote.

Garena wameweka wazi adhabu yao. Akaunti inayobainika kudanganya hufungwa moja kwa moja, na simu iliyotumika kudanganya nayo hufungiwa isicheze Free Fire tena kwa akaunti nyingine yoyote. Katika mfano huu, simu iliyotumika ni ileile ya kaka. Akaunti yake ya miaka mingi haikudanganya, almasi zake alizinunua kihalali, lakini kifaa anachochezea ndicho kilichofungiwa. Itambidi atafute simu nyingine, akumbuke nenosiri lake la Google, na atumaini kwamba akaunti yake haikuhusishwa. Pacha hutenganisha data, haitenganishi simu. Seva huona aina ileile ya simu, anwani ileile ya mtandao, na wachezaji wawili wanaopishana kwa dakika chache kutwa nzima.

Mpaka hapo kilichopotea ni gemu. Kwenye pesa, jambo ni zito zaidi.

Anayeingia kwenye akaunti ya Google ndani ya mwenyeji huandika nenosiri lake kwenye chumba cha mtu mwingine. Hata asiyeliandika tena, idhini ya kuingia hubaki imehifadhiwa kwenye kabati la mwenyeji, na mwenyeji anaweza kuisoma. Akaunti hiyo ndiyo yenye picha, barua pepe na, kwa wengi, njia ya malipo ya Google Play. Kama mwenyeji amepewa ruhusa ya kusoma ujumbe mfupi, basi anaona namba za siri za mara moja zinazotumwa kuthibitisha kuingia, na anaona pia ujumbe wa M-Pesa na Airtel Money, ambao hueleza kiasi kilichoingia, kilichotoka na salio.

Wahalifu wameitumia teknolojia hii kwa miaka sasa. Mwaka 2016 watafiti wa Palo Alto Networks walieleza kuhusu kirusi kilichoitwa PluginPhantom, kilichojengwa juu ya DroidPlugin, mradi wa wazi wa kuendesha programu ndani ya programu. Juni 2025 kampuni ya Zimperium ilieleza toleo jipya la kirusi cha benki kiitwacho GodFather. Kirusi hicho huweka mwenyeji wa siri kwenye simu, huingiza humo nakala ya programu halisi ya benki, na mwenye simu akibonyeza picha ya benki yake hupelekwa kwenye ile nakala. Anachokiona ni benki yake halisi, inayofanya kazi sawasawa, huku kila anachobonyeza kikisomwa. Zimperium walikuta kikilenga hasa benki za Uturuki. Ufundi wake ni uleule wa kuendesha akaunti mbili za gemu. Kwa sababu hiyo, programu ya benki au ya pesa za simu haifai kuingizwa ndani ya mwenyeji kwa hali yoyote, hata kwa majaribio.

Kabla ya kufika huko kote, inafaa kuuliza kama gemu yenyewe haina njia yake. Mara nyingi ipo. Septemba 2021 Garena walitoa Free Fire MAX, ambayo ni gemu ileile yenye picha bora zaidi, ila jina lake la ndani ni tofauti: `com.dts.freefiremax`. Simu inaiona kuwa ni programu nyingine kabisa, kwa hiyo zote mbili hukaa pamoja bila kunakiliwa. Wale ndugu wa Mwanza wangeweza kuweka akaunti ya kaka kwenye Free Fire na ya mdogo kwenye Free Fire MAX, kila moja ikiwa imeunganishwa na barua pepe yake, na wachezaji wa pande hizo mbili hukutana katika mechi zilezile. Gharama yake ni bando la kupakua gemu ya pili na nafasi ya kuihifadhi.

Clash of Clans ya Supercell, kampuni ya Finland, imelimaliza jambo hili ndani ya gemu. Mchezaji husajili kila kijiji chake kwa Supercell ID yenye barua pepe tofauti, na kuhama kutoka kijiji kimoja hadi kingine ni kubonyeza jina kwenye mipangilio. Kumtafutia gemu hiyo mwenyeji ni kubeba hatari isiyonunua chochote. Kwa upande mwingine kuna Pokémon GO, ambayo kanuni zake zinahesabu kuwa na akaunti zaidi ya moja kama udanganyifu. Adhabu zake huanza kwa onyo, hufuata kusimamishwa kwa siku 30 hivi, na mwisho ni kufungiwa moja kwa moja. Kwenye gemu kama hiyo hakuna njia salama ya pacha, kwa sababu kosa ni akaunti ya pili yenyewe.

Simu nyingi za Android zina pia mlango ambao watu huusahau: kuongeza mtumiaji wa pili kwa uwazi, kwenye sehemu ya mfumo ya mipangilio. Huyo huwa na kioo chake, akaunti yake ya Google na magemu yake, na ulinzi wake ni uleule wa makabati mawili. Baadhi ya simu zenye RAM ndogo zimeizimwa huduma hiyo na watengenezaji. Wenye iPhone hawana pacha ya mtengenezaji, na nakala zinazouzwa mitandaoni ni za ile njia ya tatu, yaani faili lililofungwa upya kwa saini ya mtu mwingine. Likifungwa kwa cheti cha bure cha Apple, huisha nguvu baada ya siku 7.

Aliyekwisha kuingia kwenye njia ya pili na anataka kutoka, mpangilio wa hatua ni muhimu. Kwanza afungue gemu ndani ya mwenyeji na kuiunganisha akaunti ya mgeni na barua pepe au mtandao wa kijamii ambao haujatumika kwa akaunti nyingine ya gemu hiyo, kisha ajaribu kuingia nayo nje ya mwenyeji ili ahakikishe inafunguka. Pili, aondoe mwenyeji kwenye simu. Tatu, aingie myaccount.google.com kwa kivinjari, abadilishe nenosiri, na kwenye orodha ya vifaa aondoe kila kifaa asichokitambua. Anayeanza na hatua ya pili kabla ya ya kwanza ameshaipoteza akaunti ya mgeni.